Kiwakilishi Kimoja, Nomino Mbili: Utata wa Il, Elle, Ce na Cela katika Barua Pepe za Kifaransa

Mwanafunzi wa Kiswahili anayeanza kuandika Kifaransa huja na mazoea ambayo lugha yake imemlea nayo. Katika Kiswahili, kiambishi cha upatanisho hubeba ngeli ya nomino, na ngeli zenyewe ni nyingi. Kwa hivyo nomino mbili zinapokutana katika sentensi moja, aghalabu silabi moja tu hutosha kumwonyesha msomaji ni ipi inayozungumziwa. Kifaransa hakina utajiri huo. Kina jinsia mbili tu za kisarufi, ya kiume na ya kike, na kila nomino, iwe ya mtu, ya mnyama au ya kitu, sharti iingie katika moja ya hizo mbili. Hapo ndipo utata unapozaliwa, na hapo ndipo wengi hawautazamii.

Chukulia kwamba mwanafunzi aliyeko Nairobi anaiandikia ofisi moja mjini Bujumbura kuhusu mkataba wa mafunzo ya nyanjani. Anaandika hivi: « Le contrat est dans le dossier. Il doit être renvoyé avant vendredi. » Kichwani mwake maana ni wazi: mkataba umo ndani ya jalada, nao unapaswa kurudishwa kabla ya Ijumaa. Lakini contrat ni ya kiume, na dossier vilevile ni ya kiume. Kiwakilishi il kinazikubali zote mbili sawasawa. Mpokeaji anaweza kurudisha mkataba peke yake, ama akarudisha jalada zima pamoja na stakabadhi ambazo zilikusudiwa kubaki kwake. Katika Kiswahili tatizo hili halingetokea. “Urudishwe” ingeelekeza kwenye mkataba, nayo “lirudishwe” ingeelekeza kwenye jalada. Wahenga walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka, na kiwakilishi kinachoshika nomino mbili hakina budi kuponyokwa na mojawapo.

Wapo watakaodhani kwamba dawa ni kutumia neno lenye sura ya kiofisi zaidi, yaani celui-ci. Huu ni mtego. Kwa kawaida celui-ci hurejelea nomino iliyotajwa mwisho, na hali ni hiyo hiyo kwa ce dernier. Mwanafunzi akiandika « Celui-ci doit être renvoyé », atakuwa ameondoa utata, lakini atakuwa ameagiza jalada lirudishwe na wala si mkataba. Kosa la namna hii ni baya kuliko utata wenyewe, kwa kuwa msomaji hana sababu ya kuuliza.

Dawa ya kwanza ni nyepesi, nayo ni kuirudia nomino: « Le contrat doit être renvoyé avant vendredi. » Dawa ya pili ni kukibana kishazi rejeshi kando ya nomino yake: « Le contrat, qui doit être renvoyé avant vendredi, est dans le dossier. » Hapa qui kimeambatana na contrat, na hakina nafasi ya kutangatanga. Dawa ya tatu hutegemea jinsia. Iwapo mkataba kwa hakika umo ndani ya bahasha, basi « Le contrat est dans l'enveloppe. Il doit être renvoyé » ni sentensi salama, maana enveloppe ni ya kike. Hata hivyo, dawa hii ina mpaka wake: haifai kuligeuza jalada kuwa bahasha ili kuifurahisha sarufi.

Kuhusu watu, Kiswahili nacho hakina cha kujivunia. Ngeli ya A-WA huwameza binadamu wote, kwa hivyo “Katibu alimwarifu mkurugenzi kwamba anaondoka” haisemi ni nani anayeondoka. Kifaransa kingesaidia endapo mmoja angekuwa mwanamume na mwingine mwanamke. Wote wawili wakiwa wanawake, utata unarudi pale pale: « La secrétaire a informé la directrice qu'elle devait partir. » Wengine hujaribu kuikwepa elle kwa kuandika « de son départ ». Hawajapona, kwa sababu son hupatana na départ, yaani kinachomilikiwa, na haimfichui mmiliki. Ni mfano wa “chake” katika “kitabu chake”. Njia iliyonyooka ni kulitanguliza tendo lenyewe: « La secrétaire doit partir, elle en a informé la directrice. » Mkurugenzi anatajwa kuwa mpokeaji wa habari, kwa hivyo elle inabaki na mtu mmoja tu.

Ce na cela zina tabia tofauti. Hizi hazirejelei nomino tu bali pia jambo zima lililosemwa, na katika jambo moja mnaweza kuwa na mambo mawili. Tazama sentensi hii: « Le comité a refusé de reporter la réunion. Cela pose un problème. » Je, kinacholeta tatizo ni kukataa, au ni kuahirisha? Msomaji mmoja ataelewa kwamba mwandishi wa barua anailaumu kamati, na mwingine ataelewa kwamba anaiunga mkono. “Hilo” la Kiswahili lingeangukia shimo lilo hilo. Tiba ni kukiondoa kiwakilishi na kutumia kionyeshi pamoja na nomino inayolitaja jambo: « Ce refus pose un problème », au kwa maana ya pili, « Un report poserait un problème ». Neno moja limeongezwa, na msimamo umejulikana.

Aidha, kuna tofauti ndogo inayowaponza wengi. « J'ai reçu votre dossier. Il est urgent » humaanisha kwamba jalada lenyewe ndilo la dharura. « Il est urgent de répondre » humaanisha kwamba kujibu ndiko kwa dharura, na il hiyo haisimamii nomino yoyote. Anayesahau kuongeza de pamoja na kitenzi humwacha msomaji akitafuta kitangulizi.

Barua pepe huzidisha matatizo haya kwa sababu hukatwa, hunukuliwa na hupelekewa watu wengine. Anayejibu ujumbe wenye mada « Facture » kwa kuanza na « Elle est arrivée » anaitegemea mada kana kwamba ni sehemu ya sentensi. Ujumbe huo ukifika kwa mhasibu bila mada ile, elle inakuwa yatima. Sentensi ya kwanza ya ujumbe na iwe na nomino kamili.

Kabla ya kutuma, kagua hivi. Tafuta kila il, elle, ce na cela, kisha urudi nyuma hadi sentensi iliyotangulia. Hesabu nomino za jinsia na idadi ile ile. Ziwapo mbili, weka kila moja mahali pa kiwakilishi na usome. Ikiwa zote mbili zinaleta maana, kiwakilishi hicho kiondolewe.

Pingamizi litatoka kwa wale waliofunzwa kwamba kurudia neno ni udhaifu wa mtindo. Shule za Kifaransa zimelishikilia funzo hilo kwa muda mrefu, na katika insha lina mahali pake. Lakini barua ya ofisini haisomwi kwa ajili ya mtindo. Husomwa na mtu anayetaka kujua arudishe nini, lini na kwa nani. Kwake yeye, contrat iliyotajwa mara mbili haichoshi. Kinachochosha ni kulazimika kuandika tena kuuliza il ni nani, huku Ijumaa ikipita.