JOGOO AWIKE ASIWIKE, KUTAKUCHA



Sisi ni watu wa reli, lakini makazi yetu ni Ukunda, na hapa jirani zetu wengi hula kwa kazi ya mahoteli ya Diani. Mwezi uliopita baadhi yao walituletea karatasi ya hesabu iliyobandikwa ukutani na wenye kazi, ili tuitazame pamoja. Karatasi ile ilisema kwamba hoteli ilipokuwa na watu wengi, malalamiko ya wageni yalikuwa mengi. Ilipopunguza watu, malalamiko yakapungua. Kwa hiyo, wakasema, vibarua waliopunguzwa hawataitwa tena msimu ujao. Hesabu ile haikuwa ya uongo. Neno lililoandikwa chini yake ndilo lililokosea, na twataka kuonyesha limekosea wapi, maana karatasi kama hizi zitakuja tena.

Hesabu za hoteli ile si zetu kuzitangaza, basi tumejitungia mfano wenye sura ile ile. Mwezi wa Januari hoteli ina wafanya kazi 120, na malalamiko 62 yameandikwa kitabuni. Mwezi wa Mei ina wafanya kazi 40, na malalamiko ni 31. Anayetazama mistari hiyo miwili atasema watu wakipungua, malalamiko hupungua. Lakini kila mtu wa pwani ajua kuna jambo la tatu ambalo halikuandikwa. Januari ni kaskazi, jua linawaka, na wageni wamejaa. Mei ni masika, mvua yanyesha, na wageni ni wachache. Wageni wengi ndio walioleta vibarua wengi, na wageni hao hao ndio walioleta malalamiko mengi. Vibarua na malalamiko ni watoto wawili wa mama mmoja. Mmoja hakumzaa mwenzake.

Tena tazama tarehe. Kwanza wageni huagiza vyumba, kisha ndipo msimamizi huita vibarua. Kwetu reli ni vivyo hivyo: abiria wakiwa wengi kwa Krismasi, treni ya ziada hupangwa. Hakuna mtu wa reli anayesema kuwa ile treni ya ziada ndiyo iliyoleta Krismasi. Wazee walisema jogoo awike asiwike, kutakucha. Jogoo na alfajiri huenda pamoja kila siku, wala jogoo hana mkono katika kupambazuka.

Sasa, mtu afanye nini? Hatua ya kwanza ni kugawanya. Kila chumba kilicholalwa usiku mmoja tukihesabu kuwa kimoja. Januari vililalwa vyumba 80 kila usiku kwa siku 31, yaani 2,480. Mei vililalwa 30 kila usiku, yaani 930. Malalamiko 62 kwa 2,480 ni mawili na nusu katika kila mia. Malalamiko 31 kwa 930 ni zaidi ya matatu katika kila mia. Basi hesabu imegeuka: mwezi wa watu wachache ndio uliokuwa na wageni wenye kinyongo zaidi.

Hapa wengi wetu tungepiga makofi na kwenda nyumbani. Tungekosea kama walivyokosea wao. Mei ina mvua. Huenda wageni walilalamika kwa sababu makuti yalivuja au umeme ulikatika, na hilo halimhusu kibarua. Kwa hiyo hatua ya pili ni kulinganisha Mei na Mei. Tuseme Mei ya mwaka uliotangulia, kabla ya kupunguza, vyumba vilivyolalwa vilikuwa 930 vile vile, wafanya kazi 54, na malalamiko 22, yaani kama mawili na theluthi katika kila mia. Sasa masika yamelinganishwa na masika, na wageni sawa kwa sawa. Hapo neno letu limepata nguvu.

Hatua ya tatu ni kufungua kitabu chenyewe na kusoma mgeni alilalamikia nini. Ikiwa yale yaliyoongezeka ni chumba kutotandikwa hadi alasiri na chakula kuchelewa, hayo ni mambo ya mikono kupungua. Ikiwa ni paa na taa, si hayo. Jumla peke yake haisemi. Na hata hapo malalamiko tisa zaidi katika mwezi mmoja ni machache. Huenda kundi moja la wageni wakali ndilo lililoyaandika. Afadhali kutazama miezi kadhaa kabla ya kusema kwa sauti kubwa.

Kulinganisha mwezi na mwezi wa mwaka jana nako kuna mtego wake. Tulisikia pia maneno haya: mauzo ya baa mwezi wa Aprili 2025 yalizidi ya Aprili 2024, kwa hiyo mpango mpya wa kupunguza wahudumu umefaulu. Tulichukua kalenda. Mwaka 2024 Ijumaa Kuu ilikuwa tarehe 29 Machi na Pasaka yenyewe 31 Machi. Jumatatu tu ndiyo iliyoangukia Aprili. Mwaka 2025 siku zote nne, tangu tarehe 18 hadi 21, zilikuwa ndani ya Aprili. Watu wa Nairobi wanaoshuka pwani kwa Pasaka walihama kutoka safu moja ya hesabu kuingia nyingine. Idd-ul-Fitr nayo ilihama kinyume: tarehe 10 Aprili mwaka 2024, tarehe 31 Machi mwaka 2025. Dawa yake ni rahisi. Jumlisha Machi na Aprili za kila mwaka, kisha ndipo ulinganishe. Ongezeko likiyeyuka, lilikuwa la kalenda, si la mpango.

Mwenye kazi akitaka kujua kwa kweli kama kupunguza watu kwadhuru au hakudhuru, iko njia iliyo bora kuliko karatasi zote. Apunguze upande mmoja wa hoteli na kuuacha mwingine kama ulivyo, katika miezi ile ile, na upande huo uchaguliwe kwa kura, asichague ule ulio mtulivu tangu zamani. Mvua, Pasaka na bei zitakuwa sawa kwa pande zote mbili. Kama hataki kujaribu hivyo, basi asiseme amethibitisha.

Na sisi tujitahadhari. Mshahara ukipanda Novemba na mauzo yakapanda Desemba, tusisimame mezani kusema mshahara ndio ulioleta wageni. Watatuonyesha Desemba za miaka yote, nasi tutaaibika, na siku tutakapokuwa na hoja ya kweli hatutasadikiwa.

Kwa hiyo twashauri wawakilishi wa kila mahali pa kazi, watakapoonyeshwa karatasi ya namna hii, wasikatae hesabu wala wasiikubali. Waombe vitu vitatu kwa maandishi: idadi ya wageni au kazi ya kila mwezi, miezi ile ile ya mwaka uliotangulia, na kitabu chenyewe kilichotoa jumla. Vibarua wa Diani wanangojea kujua kama wataitwa kaskazi ikianza. Haifai wakose kazi kwa sababu mtu amedhani jogoo ndiye anayeleta mchana.