Dani hakuwa na meno hayo

Wasee, tuongee kuhusu mabango ya matanga huku Asumbi. Chukua mfano: dani amefariki, na picha pekee aliyoacha ni ile ya kitambulisho, ndogo kama stempu. Mchapishaji anaipiga kwa simu, anaiingiza kwenye programu ya akili unde, na dakika chache baadaye dani anatabasamu, ngozi laini, meno yote kamili.

Hapo ndipo shida iko. Wajaluo wengi wa zamani waling'olewa meno sita ya chini, alama ya kwamba wewe ni wa jamii. Kwenye kitambulisho mdomo umefungwa, kwa hivyo mashine haijui kuna pengo. Inakisia tu kutoka kwa nyuso zingine ilizofunzwa nazo. Na kadiri unavyovuta kapicha kadogo kawe bango, ndivyo makisio yanavyozidi.

Naelewa mbona familia zinapenda. Nani anataka mamake akumbukwe na sura ya wodini? Kusafisha mandhari, kufuta mikunjo ya karatasi, hata kumvalisha gauni safi, sawa. Lakini uso achia hapo. Usimfungue mdomo, usimfute kovu.

Kabla ya kuchapisha, weka picha zote mbili kando kwa kando, ita mtu wa rika lake, umuulize: "Huyu ni yeye?" Akisita, rudisha ile ya kitambulisho. Afadhali bango lenye ukungu kuliko kijiji kizima kulilia sura ya mgeni.