Kadi Iliyofichwa Ndani ya Ripoti

Maktaba ya zamani ilikuwa na kabati lenye droo ndogo ndogo, na ndani ya kila droo mlikuwamo kadi zilizopangwa kwa alfabeti. Juu ya kadi mkutubi aliandika jina la kitabu, jina la mwandishi na mada yake. Kitabu kilichopewa kadi isiyo yake kilikuwa sawa na kitabu kilichopotea, hata kama kilisimama rafuni mbele ya macho ya watu. Faili la PDF, muundo uliotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 na ambao leo ndio chombo cha kawaida cha kutolea ripoti, huweza kubeba kadi ya namna hiyo ndani yake. Humo mna nafasi ya Title, yaani jina la waraka, Author, mwandishi, na Subject, maelezo mafupi ya mada. Lakini kadi hii haionekani katika ukurasa wowote wa ripoti, wala haitoki kwenye karatasi ripoti inapochapwa. Kwa hiyo waandishi wengi hawaijazi, na wasipoijaza wao, kompyuta huijaza kwa namna yake.

Mfano wa kubuni utalionyesha jambo hili. Wanafunzi wa shule moja chini ya Mlima Meru, ambako maji ya visima vingi yana floridi nyingi inayotia meno rangi ya kahawia, wamepima visima kumi na viwili vya jirani. Shirika la Afya Duniani limependekeza floridi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Wanafunzi wamekuta visima vitano vilivyopita kiwango hicho, navyo vimetajwa kimoja kimoja. Mwalimu wao, ili kuokoa muda, amefungua ripoti ya udongo ya mwaka 2021, akaihifadhi kwa jina jipya, akafuta maneno ya zamani na kuandika mapya. Jalada ni jipya, majedwali ni mapya, na jina la faili ni jipya. Faili hilo likichunguzwa kwa amri ya `pdfinfo`, hutoa habari hizi:

```
Title:    Ripoti ya Udongo wa Shamba la Shule, 2021
Author:   User
Creator:  Microsoft Word 2016
```

Mwalimu alifuta maneno ya kurasa, lakini kadi ya ndani haikuguswa. Aidha, mwandishi ameitwa User, kwa sababu hilo ndilo jina lililoandikwa siku programu ilipowekwa katika kompyuta hiyo.

Yafaa kusema kwa haki kwamba ripoti hiyo haijapotea kabisa. Mtambo wa kutafuta kama Google husoma pia maneno ya kurasa zenyewe, na mtu akiuliza juu ya floridi na visima, huenda faili likatokea. Kasoro iko katika mstari atakaouona. Ili kupata kichwa cha mstari huo, mtambo huweza kuichukua Title ya ndani, au maneno ya kiungo kinachoelekeza kwenye faili, au kichwa kilichoandikwa kwa herufi kubwa katika ukurasa wa kwanza. Ukiichukua Title, ofisa wa maji anayetafuta habari za visima ataona ripoti ya udongo wa shamba, naye ataipita bila kuifungua. Vile visima vitano vitabaki bila kujulikana naye, na huenda mwaka ujao watu wengine wakatumwa kuvipima upya. Hata akilifungua, kivinjari aghalabu kitaonyesha jina lile lile la udongo juu ya dirisha, naye atadhani amekosea.

Kosa la pili ni la kawaida zaidi, na kulitambua ni rahisi mno. Mtu akiutengeneza PDF kwa njia ya kuchapa, yaani kwa kuchagua printa ya PDF badala ya kuhifadhi, kadi aliyoijaza katika Word huachwa nyuma. Mara nyingi mahali pa Title huwekwa jina la kazi ya printa, kama `Microsoft Word - ripoti mpya 2 FINAL.docx`. Mitandao imejaa majina ya namna hii, hata katika ripoti za ofisi kubwa. Nayo matoleo ya zamani ya Word yalikuwa yakiuchukua mstari wa kwanza wa waraka na kuufanya jina lake. Hivyo ofisi iliyoanza kila ripoti kwa jina lake yenyewe ilijikuta na ripoti nyingi zenye jina moja. Ni kana kwamba wazazi wamewaita watoto wao wote kwa jina la ukoo tu!

Dawa yake haina ugumu, ila lazima itumiwe katika waraka wa asili kabla ya kutoa PDF. Katika Word hufunguliwa File, kisha Info, na upande wa kulia huonekana Properties, penye nafasi za kuandika. Halafu waraka huhifadhiwa kwa Save As, aina ya PDF, na katika Options huhakikishwa kwamba alama ya Document properties imewekwa. Katika LibreOffice nafasi za jina na mada zimo katika File, Properties, Description. Kazi ikiisha, PDF hufunguliwa kwa Acrobat Reader na kubonyezwa Ctrl+D, na kadi yote hudhihirika. Anayesahihisha kazi ya wanafunzi angetenda vema kubonyeza hivyo kabla hata ya kusoma ukurasa wa kwanza, na kuirudisha ripoti yenye kadi ya uongo kama anavyoirudisha grafu isiyo na vipimo.

Jina lenyewe litangulize jambo, kisha mahali, kisha mwaka: “Floridi katika Visima Kumi na Viwili vya Meru, 2024”. Neno “Ripoti” likitangulia hula nafasi bure, kwa kuwa mstari wa majibu hukatwa unapokuwa mrefu. Katika Author huwekwa majina ya walioandika kweli, au ya shule ikiwa ndiyo iliyotoa kazi. Subject ni sentensi moja isemayo ni kitu gani kilichopimwa na kwa njia gani. Mitambo mikubwa haiitegemei sana, lakini katika ripoti iliyopigwa picha kutoka kwenye karatasi, ambayo kurasa zake ni picha tupu, kadi huweza kuwa ndiyo maneno pekee ambayo programu ya maktaba inaweza kuyasoma. Kuijaza kadi maneno mengi ya kunasa watafutaji hakufai, wala kadi nzuri haiipandishi ripoti dhaifu juu ya nyingine.

Wako wanaopenda kusahihisha PDF iliyokwisha kutolewa, na zipo programu za kazi hiyo, kama `exiftool`. Hapo pana mtego. Programu hiyo huongeza kadi mpya mwishoni mwa faili, na ile ya zamani hubaki humo, ikiweza kurejeshwa na mwenye ujuzi. Kwa jina lililokosewa hilo si neno. Lakini kama Author lilikuwa jina la mtu asiyepaswa kutajwa, mathalani karani aliyeichapa ripoti ya malalamiko, njia iliyo salama ni kurudi kwenye waraka wa asili, kusahihisha kadi humo, kutoa PDF nyingine, na kuliondoa la kwanza mahali lilipowekwa.