Chapisho la Bure Lina Gharama Yake

Neno «bure» lina maana mbili. Kitu cha bure ni kile kisicholipiwa, na kazi ya bure ni ile isiyozaa tunda. Mwezi uliopita, katika kikao cha kikundi chetu hapa Itaba, mzee mmoja aliyatumia yote mawili kwa pumzi moja: «Fedha mnazompa Fesibuku zinakwenda bure, na hali machapisho ya bure tunayo.» Wengi waliitikia. Fedha zile ni michango ya wanachama, na kila mchangaji ana haki ya kuuliza zimeleta nini.

Kikundi chetu huendesha mafunzo ya uraia kila Jumamosi, kwa mfano juu ya mikoa 18 ya Burundi iliyopunguzwa ikawa 5. Watu huyajua kwa njia mbili. Ya kwanza ni machapisho ya kawaida kwenye ukurasa wetu, ambayo hatuyalipii. Ya pili ni tangazo la kulipia, linaloonyeshwa watu wa Gitega na Muyinga hata kama hawatufuati. Niliombwa nilinganishe njia hizi katika jedwali moja linalojijaza kila mwezi. Naona mzee alikosea, lakini waliompinga walikosea pia.

Tuanze na lugha. Bei ni kile anachotaja muuzaji. Gharama ni jumla ya yote yanayomtoka mtu hadi apate kitu. Bei ya chapisho la kawaida ni sifuri, ila gharama yake si sifuri. Mwezi ule tulitoa machapisho tisa. Kuandika, kupiga picha na kujibu maswali kulichukua saa 26, na vifurushi vya intaneti vilitugharimu faranga 16,000. Tulikubaliana mapema kuihesabu saa moja kuwa faranga 4,000. Ukichagua kiwango kingine sitagombana nawe, mradi kiwe kilekile kwa njia zote mbili. Kwa hiyo machapisho ya «bure» yaligharimu faranga 120,000.

Tangazo nalo tulilipia faranga 120,000, tukalitayarisha kwa saa tatu, jumla 132,000. Tahadhari hapa: fedha za tangazo hutozwa kwa dola, nasi hatuna kadi, hivyo mtu hutulipia kisha tunamrudishia. Katika jedwali andika faranga zilizotoka mfukoni mwako, pamoja na ujira wa aliyekulipia. Ukizidisha dola kwa kiwango cha benki, tangazo litaonekana rahisi kuliko lilivyo.

Sasa swali gumu: tokeo ni nini? Ukurasa wa matangazo hukuonyesha safu ya gharama kwa kila tokeo, lakini tokeo lenyewe hutegemea lengo ulilochagua siku ya kulipia. Ukichagua watu wapendezwe, kila kidole gumba ni tokeo, na gharama yake huwa ndogo mno. Kidole gumba hakiketi darasani. Sisi tulihesabu aliyejaza fomu ya kujiandikisha, kwa njia zote mbili.

Lakini utajuaje aliyejaza fomu alitoka njia ipi? Hapa ndipo nilipoteleza. Mara ya kwanza tulichukua chapisho lililokwisha kuwa ukurasani tukalilipia lisukumwe mbele. Kiungo cha fomu kilikuwa kimoja kwa aliyeletwa na fedha na kwa aliyepita mwenyewe, na mwezi mzima wa hesabu ukapotea. Sasa tangazo huundwa peke yake, lisionekane ukurasani, na kila njia ina kiungo chake. Fomu ya Gugo inaruhusu kiungo kinachojaza swali moja mapema. Tumeweka humo neno LIPA kwa tangazo na KAWAIDA kwa machapisho. Majibu huingia yenyewe katika lahajedwali, kisha safu moja huyahesabu kwa mwezi ambao siku yake ya kwanza imeandikwa katika B1:

```
=COUNTIFS(Majibu!C:C;"LIPA";Majibu!A:A;">="&B1;Majibu!A:A;"<"&EDATE(B1;1))
```

Alama za nukta-mkato zinatokana na lahajedwali letu kufuata mpangilio wa Kifaransa, na mpangilio huohuo una mtego. Ukipakua faili ya matangazo, kiasi huandikwa kwa nukta, kama 12.50, ilhali lahajedwali linasubiri mkato. Namba hugeuka maneno na jumla husoma sifuri. Utaitambua kwa kuwa huegemea kushoto mwa kisanduku badala ya kulia.

Matokeo ya kwanza yalikuwa haya. Tangazo lilileta watu 24, kila mmoja kwa faranga 5,500. Machapisho yalileta 15, kila mmoja kwa faranga 8,000. Mtetezi wa tangazo alikuwa amekwisha kunyanyuka kitini. Kama tusingehesabu saa zetu, mtu wa machapisho angegharimu takriban faranga 1,070, na mzee angekuwa ndiye mshindi.

Niliomba tusubiri, kwa kuwa kujiandikisha si kufika. Tuna daftari la mahudhurio lenye namba za simu, na namba hizo zinaweza kulinganishwa na za fomu. Tatizo ni kwamba mmoja huandika +257 na mwingine huacha, mmoja hutenga kwa nafasi na mwingine huunganisha. Namba za Burundi zina tarakimu nane, basi tunazibakiza hizo tu:

```
=RIGHT(SUBSTITUTE(D2;" ";"");8)
```

Baada ya kulinganisha, picha iligeuka. Katika wale 24 wa tangazo walifika 8, kila mmoja kwa faranga 16,500. Katika wale 15 wa machapisho walifika 12, kila mmoja kwa faranga 10,000.

Je, mzee alikuwa sahihi? Bado. Fomu huuliza mtu anaishi wapi. Kati ya 24 wa tangazo, 14 walikuwa wa Muyinga, na aliyesafiri hadi Itaba alikuwa mmoja tu. Wa Gitega walikuwa 10, wakafika 7. Ukurasa wa matangazo hugawa matumizi kwa mikoa, na nusu ya fedha zetu ilikuwa imekwenda Muyinga. Ukiiacha nusu hiyo na kubakisha gharama yote ya matayarisho, wale saba waligharimu faranga 72,000, yaani karibu 10,300 kwa mtu. Tofauti na machapisho ni ndogo mno. Wangeongezeka wawili tu, gharama ingeshuka hadi 8,000 na tangazo lingekuwa mbele. Kwa hesabu ndogo namna hii sidai ushindi kwa mwezi mmoja. Nasubiri miezi mitatu, na anayejiandikisha mwishoni mwa mwezi namhesabu katika mwezi aliojaza fomu, hata akifika mwezi unaofuata.

Jambo moja jedwali halilioni. Faranga 10,000 za machapisho ni wastani wa saa 26 za walimu waliokuwa na nafasi. Saa nyingine 26 hatuna, na hata tungekuwa nazo, wafuasi wa ukurasa ni walewale. Tangazo linaweza kuongezwa kesho kwa atakayetoa fedha. Ndiyo maana nilipinga kulifuta.

Kikao kiliamua mambo mawili: tangazo la Itaba lionyeshwe Gitega pekee, na tokeo liwe mtu aliyefika, liandikwe juu ya jedwali kabla mwezi haujaanza ili asije mtu kulichagua baada ya kuona namba. Kuhusu wale 13 wa Muyinga waliojiandikisha wasifike, mzee yuleyule aliuliza kwa nini somo lisiwafuate huko. Nauli ya mwalimu mmoja kwenda na kurudi sasa ina safu yake katika jedwali.