Intaneti inayolala saa mbili usiku

Intaneti inapozorota usiku, mwandishi wa makala haya amewahi kulaumu ruta mapema mno. Kwenye faiba nyingi za majumbani, laini moja ya takriban Gbps 2.5 hugawanywa kwa nyumba 32 au hata 64. Mchana wengi wako kazini. Usiku kila sebule ina filamu. Mara nyingi, hata hivyo, panapobana ni mbele zaidi, pale kampuni inapounganisha mtaa mzima na mtandao wake mkuu.

Mpangaji anayetaka kulalamika akasikilizwa aanze kwa kuchomeka kompyuta kwenye ruta kwa kebo, kwa sababu usiku waifai za majirani nazo hugongana. Nyumbani kwake pasiwe na anayepakua kitu. Kisha, kwenye Windows:

```
ping -n 50 192.168.1.1
tracert -d 8.8.8.8
ping -n 50 8.8.8.8
```

(Anwani ya kwanza ni ya ruta, huenda yake ni tofauti.) Arudie saa nne asubuhi, saa kumi jioni na saa tatu usiku, wiki nzima, wikendi ikiwemo, akiandika saa na majibu kwenye jedwali.

Tuseme ruta inajibu kwa milisekunde 1 muda wote, lakini kuanzia kituo cha kwanza cha kampuni hadi mwisho wa safari, 9 za asubuhi zinakuwa 95 usiku. Hapo nyumba yake haina kosa. Kituo kimoja kikichelewa huku vinavyofuata viko sawa, asikihesabu: mitambo mingi hujibu ping ikipata nafasi.

Jedwali hilo ndilo la kumpelekea fundi anayesema “zima, washa.”