Upepo wa bahari haufiki chini Kariakoo

Leo nina dukuduku. Kuna jamaa darasani kaniambia eti moshi wa magari Kariakoo hauna neno, kwa sababu Dar iko baharini na upepo unaupeleka wote. Jamani! Upepo upo, sikatai, ila unapita juu ya mapaa. Sisi tunatembea chini.

Chukulia mtaa wa upana wa mita 12, na pande zote mbili kuna maghorofa ya mita 12 hivi. Upepo ukiukata mtaa kwa ubavu, haushuki kuufagia. Unaruka paa hadi paa, na hewa iliyobaki katikati inazunguka palepale. Inashukia kwenye ukuta unaoupokea upepo, inatambaa barabarani ikizoa moshi, kisha inaurudisha kule upepo ulikotoka. Kwa hiyo upepo ukitoka kusini, anayevuta moshi mwingi ni aliyesimama upande wa kusini, pale anapodhani amejikinga.

Huamini? Angalia bendera iliyo juu ya paa, halafu angalia moshi wa mchoma mahindi chini. Mara nyingine vinaelekea pande tofauti kabisa.

Sasa panda hadi mita 30 kwa upana uleule, yaani ghorofa kumi. Mzunguko wa juu haufiki tena chini. Hewa ya chini inajivuta kivivu, na kinachoichanganya zaidi ni magari yenyewe yanapopita. Na bomba la ekzosi liko usawa wa magoti, kwa hiyo mama aliyekaa chini na nyanya zake anaupata moshi kabla yako.

Ni pale upepo unapopita kwa urefu wa mtaa ndipo moshi unasukumwa nje. Mtaa uliolala kutoka kaskazini mashariki kwenda kusini magharibi utasafishwa na kaskazi, halafu kusi ikianza unaukata kwa ubavu na moshi unabaki. Mtaa uleule, magari yaleyale! Na hata kaskazi haifuti moshi, inausogeza tu, hivyo wa mwisho wa mtaa wanapokea wa wenzao wote. Siku upepo umetulia, basi tena, hakuna mtaa wenye nafuu.

Kwetu Nambambo tuna pikipiki na vumbi la kutosha, lakini nyumba ni fupi na moshi una pa kwenda. Ndiyo maana nakasirika mtu akisema tatizo ni wingi wa magari tu. Anayeruhusu ghorofa la kumi bila kupima upana wa mtaa naye anatuvutisha moshi. Na mwenye duka anayeweka jenereta mlangoni, bomba limeelekea wapita njia? Apandishe bomba juu ya paa, huko ndiko upepo uliko.

Mnaobisha, karibuni.