Nyota Yako Inakula Bando ya Mtu

Wacha niseme hivi mapema, halafu mtanitusi kwa komenti: apu nyingi tunazosema zinalala kwa sababu netwaki ya mtaa ni mbaya, netwaki haina kosa. Kosa ni letu sisi madevelopa. Na mara nyingi ni alama moja ndogo tu, ile nyota ya `SELECT *`.

Najua kwa sababu nimeifanya mwenyewe.

Mimi hukaa Kawangware. Kuna kikundi cha vijana Kibera ambacho hukusanya taka kwa ploti, na kila nyumba hulipa kitu kidogo kila wiki. Walikuwa wanaandika malipo kwa daftari, daftari likinyeshewa, kesi. Nikawaambia nitawatengenezea apu. Msee anafika mlangoni, anafungua nyumba, anaona wiki 20 za mwisho, anajua nani amelipa na nani bado. Kila malipo yana picha ya risiti, ndio mtu asibishe. Nyumba kama 600. Kazi ndogo, si ndio?

Kwa laptopu yangu nyumbani ilikuwa inaruka. Kibera ikawa inazunguka tu. Msee mmoja akanipigia: "Buda, hii apu yako inanimalizia bando kabla ya saa nne. Nimefika kwa mathe fulani, skrini inazunguka, nikamwambia hajalipa. Alikuwa amelipa Jumamosi. Sasa amesema mbele ya ploti yote kwamba sisi ni wezi."

Nikamjibu kile kila developa hujibu: "Bro, hiyo ni netwaki ya huko." Bado naona aibu.

Kweri yangu ilikuwa hii:

```sql
SELECT * FROM malipo
WHERE nyumba_id = 214
ORDER BY tarehe DESC
LIMIT 20;
```

Angalia skrini ya yule msee inahitaji nini: tarehe na kiasi. Basi. Lakini nyota inasema "nipe kila kitu," na kila kitu kilikuwa na kolamu ya `picha_risiti`. Picha moja ilikuwa kama 80 kB. Mara 20, hiyo ni 1.6 MB. Halafu nilikuwa naituma kama JSON, na JSON haiwezi kubeba picha vile ilivyo. Lazima igeuzwe kuwa herufi kwa base64, na hapo inanenepa kwa theluthi moja. Tuko 2.1 MB kwa nyumba moja. Msee akigonga milango 40 asubuhi, amechoma 84 MB. Kwa bando amenunua na pesa yake, kuangalia namba ambazo, kwa kila nyumba, zingeingia kwa meseji chache za simu. Na picha zenyewe skrini haikuwa hata inazionyesha!

Sasa sikiza mahali nilidanganyika, kwa sababu hapa hudanganya wengi. Nilifanya kile tumefundishwa: nikaweka `EXPLAIN ANALYZE` mbele ya kweri, nikaangalia muda. Chini ya milisekunde moja. Nikasema, ona, databesi iko sawa, ni netwaki.

Shida ni kwamba `EXPLAIN ANALYZE` ya kawaida kwa Postgres huendesha kweri, lakini haipakii majibu wala kuyatuma kokote. Na picha kubwa haikai ndani ya mstari wake. Postgres huihamisha kwa meza ya pembeni inaitwa TOAST, imekatwa vipande vya karibu 2 kB, na kwa mstari inabaki alama tu ya kuonyesha iko wapi. Mradi hakuna mtu ameomba picha itoke, vile vipande haviguswi. Kwa hivyo kipimo changu kilikuwa kinapima kazi bila mzigo. Kweri ya ukweli ilikuwa inaokota vipande kama 40 kwa kila picha, mara 20, ni vipande 800. Tangu Postgres 17 ya mwaka 2024 kuna njia ya kuona ukweli, unaandika `EXPLAIN (ANALYZE, SERIALIZE)`, na inakuambia majibu yamefika kB ngapi. Kama uko kwa toleo la zamani, pima ukubwa wa jibu lenyewe linalofika kwa simu. Usiamini ile milisekunde peke yake.

Kurekebisha kulikuwa kwa kuaibisha. Nilitaja kolamu:

```sql
SELECT tarehe, kiasi FROM malipo
WHERE nyumba_id = 214
ORDER BY tarehe DESC
LIMIT 20;
```

Jibu likashuka kutoka 2.1 MB hadi karibu 1 kB. Sikununua seva mpya. Sikubadilisha kitu kingine. Picha ikapata njia yake: ukitaka kuiona, unaigusa, inakuja hiyo moja.

Hapo ningeweza kuishia. Lakini ukishataja kolamu, mlango mwingine unafunguka, na ndio huu napenda zaidi.

Fikiria duka la mtaa wenu. Mwenye duka ana daftari la madeni, kila kitu kimeandikwa vile kilikuja: leo huyu amechukua unga, kesho yule sukari. Ukimuuliza "nadaiwa ngapi?" lazima arudi nyuma kurasa nyingi, kwa sababu mistari yako imetawanyika katikati ya ya watu wengine. Meza ya databesi iko hivyo. Nyumba 600 zikilipa kila wiki, malipo mawili ya nyumba moja yanafuatana yakiwa yameachana kwa mistari 600. Postgres husoma kwa kurasa za 8 kB, na ukurasa mmoja wa meza yangu ulibeba mistari kama 80 hivi. Kwa hivyo malipo 20 ya nyumba moja yako kwa kurasa 20 tofauti.

Indeksi ya kawaida kwa `nyumba_id` inakuambia kurasa ziko wapi, lakini bado unaenda kufungua kurasa za malipo yote ya nyumba hiyo, halafu unapanga kwa tarehe. Sasa, je, kama mwenye duka angekuwa na kijitabu kingine kidogo, kimepangwa kwa jina, na chini ya kila jina tarehe na kiasi? Hatafungua daftari kubwa kabisa. Jibu liko kwa kijitabu. Hiyo ndiyo indeksi inayofunika kweri:

```sql
CREATE INDEX malipo_kijitabu
ON malipo (nyumba_id, tarehe DESC)
INCLUDE (kiasi);
```

`nyumba_id` iko kwanza kwa sababu ndiyo tunatafuta nayo. `tarehe` inafuata kwa sababu ndiyo tunapanga nayo, hivyo kazi ya kupanga inaisha. `kiasi` hatutafuti nayo wala kupanga nayo, inasafiri tu kama abiria, ndio maana iko kwa `INCLUDE`, kitu ambacho Postgres inacho tangu toleo la 11 la mwaka 2018. Sasa mistari 20 ya nyumba moja imekaa pamoja, imefuatana, na databesi inafungua kurasa mbili tatu badala ya 20 na ushee. Indeksi yote, kwa malipo ya mwaka mzima kama 31,000, ni karibu 1 MB. Picha za mwaka huo ni kama 2.5 GB.

Ukiendesha `EXPLAIN ANALYZE` tena, unataka kuona maneno `Index Only Scan`, na chini yake `Heap Fetches: 0`. Kama ile namba iko juu, maana yake databesi bado inaenda kuhakikisha kwa meza kubwa kama mistari ni halali, mara nyingi kwa sababu kurasa zimeguswa juzi na `VACUUM` haijapita. Iendeshe kwa hiyo meza, pima tena. Kwa MySQL, tafuta `Using index` kwa ile kolamu ya `Extra`.

Na sasa rudisha nyota. Kijitabu hakina picha, hakina maelezo, kwa hivyo databesi inaona hakitoshi na inarudi kufungua kurasa zote. Umejenga kijitabu, halafu nyota moja imekifanya kisiweze kujibu peke yake.

Niwe mkweli, sitaki mtu aende kujaza indeksi kila mahali. Kwa meza yangu ya mistari 31,000, faida kubwa ilitoka kwa kufuta nyota. Kijitabu kiliongeza kidogo tu, kwa sababu meza ndogo hukaa yote kwa memori. Utahisi tofauti ikifika mamilioni. Na kijitabu kina gharama, kila malipo mapya yanaandikwa mara mbili. Usiweke ndani yake kolamu inayobadilika kila saa, kama salio, kwa sababu kila badiliko litagusa indeksi pia. Na usijaribu kuweka kolamu ya picha. Kitu kikubwa kikipita kama 2.7 kB kwa indeksi ya kawaida, malipo yenyewe yanakataa kuingia.

Kuna wale watasema, "Mimi siandiki SQL, natumia Django." Hata wewe una nyota, ni vile imevaa shati. `Malipo.objects.filter(...)` inaita kolamu zote, moja moja kwa jina. Tumia `.values("tarehe", "kiasi")` uone tofauti.

Na kuna hili, ambalo ndilo linanifanya niandike kwa hasira kidogo. Miezi baadaye tuliongeza kolamu ya namba ya kitambulisho kwa ile meza. Kama nyota ingekuwa bado iko, siku hiyo hiyo vitambulisho vya watu wa nyumba 600 vingeanza kuingia kwa simu za kila mkusanyaji, bila mtu kubadilisha mstari wowote wa msimbo, bila skrini kuonyesha chochote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hapa Kenya inasema data ya mtu iwe ile tu inahitajika kwa kazi husika. Nyota inasema kinyume chake.

Nyota ina mahali pake. Uko kwa laptopu yako, unachungulia meza usiyoijua, weka `SELECT *` na `LIMIT 5`, hakuna noma. Hata `count(*)` ni kitu kingine, hiyo inahesabu mistari tu, haibebi kolamu zako. Lakini ikifika kwa prodakshoni, taja unachotaka.

Nilirudi Kibera Jumamosi moja na yule msee, tukaenda kwa yule mathe. Alifungua apu mlangoni, wiki 20 zikatokea kabla hajamaliza kusalimia. Mathe akachungulia skrini, akaona malipo yake ya ile Jumamosi, akasema, "Kumbe ilikuwa hapo siku zote."

Ilikuwa hapo, mathe. Mimi ndiye nilikuwa nimeifukia chini ya picha 20.